Kura au maafikiano: kamati ichague njia ipi?

Kamati ya wakazi wa jengo moja ina wajumbe tisa na eneo moja la wazi nyuma ya jengo. Mapendekezo ni matatu: maegesho ya magari, bustani, au uwanja wa watoto kuchezea. Wamejadili saa nzima, kila mtu ameshasema lake, na mwenyekiti anaona muda unakwenda. "Tupige kura tumalize," anasema. Mikono inainuliwa: wanne maegesho, watatu bustani, wawili uwanja. Katibu anaandika kwenye muhtasari kwamba maegesho yamepita, na kikao kinafungwa.

Kamati nyingi huishia hapo, na migogoro mingi huanzia hapohapo. Wajumbe watano kati ya tisa hawakuyachagua maegesho. Kura iliwauliza jambo moja tu, kwamba wanapenda nini zaidi. Haikuwauliza kama wangeweza kuishi na uamuzi usio wao. Kuna mjumbe anayeshindwa akasema "sawa, si mbaya," na kuna anayeshindwa akatoka nje kuanza kukusanya sahihi za kupinga. Kwenye hesabu ya kura hao wawili ni sawa kabisa.

Tofauti kati ya kura na maafikiano naiona hapo. Kura hutafuta pendekezo lenye watu wengi nyuma yake. Maafikiano hutafuta pendekezo ambalo hakuna aliye na sababu nzito ya kulikataa. Mara nyingine jibu huwa lilelile. Mara nyingine, kama tutakavyoona kwa kamati hii, majibu yanaachana mbali.

## Kura moja, washindi watatu

Tuwachunguze wajumbe wetu kwa karibu zaidi. Wale wanne wa maegesho, wakikosa maegesho, wangechukua uwanja. Bustani wanaiweka mwisho. Wale watatu wa bustani nao chaguo lao la pili ni uwanja, na maegesho hawayataki hata kidogo. Wawili wa uwanja wangekubali bustani kabla ya maegesho.

Kwa kura ya kawaida, anayeongoza ndiye mshindi, basi maegesho yanapita kwa kura nne. Lakini tuseme katiba ya kamati inadai mshindi apate zaidi ya nusu. Uwanja unaondolewa kwa kuwa wa mwisho, na wajumbe wanarudia kura kati ya mawili yaliyobaki. Wale wawili wa uwanja wanahamia bustani, na bustani inashinda kwa tano dhidi ya nne. Sasa fanya njia ya tatu: linganisha mapendekezo mawili mawili. Uwanja dhidi ya maegesho, uwanja unashinda tano kwa nne. Uwanja dhidi ya bustani, unashinda sita kwa tatu. Pendekezo lililoondolewa mapema kwa kukosa kura ndilo linaloyashinda mengine yote uso kwa uso.

Watu ni walewale, na wanachopenda hakijabadilika. Kilichobadilika ni utaratibu wa kuhesabu, na kila utaratibu umetoa mshindi wake. Kwa hiyo anayeamua namna ya kupiga kura, au mpangilio wa hoja kwenye ajenda, ana nguvu kubwa kuliko inavyoonekana. Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1785 mwanahisabati Mfaransa Condorcet alionyesha kwamba walio wengi wanaweza hata kuzunguka duara: wakapenda la kwanza kuliko la pili, la pili kuliko la tatu, kisha la tatu kuliko la kwanza. Hapo hakuna "matakwa ya wengi" ya kuhesabu. Kuna mpangilio wa hoja tu.

Chaguo zikiwa mbili, tatizo hili halipo. Kura ni safi. Zikiwa tatu au zaidi, na kamati bado inataka kupiga kura, dawa nyepesi ni kumruhusu kila mjumbe aweke alama kwa kila pendekezo analoweza kulikubali, si moja tu. Karatasi ni ileile na muda ni uleule. Katika mfano wetu uwanja ungeweza kupata alama za wote tisa. Kama huna muda wa kusoma makala hii hadi mwisho, chukua hilo.

Kura ina mambo yake mawili ambayo maafikiano hayawezi kuyatoa. La kwanza ni mwisho unaojulikana: ikishahesabiwa, mjadala umefungwa. La pili, ambalo watetezi wa maafikiano hulisahau, ni siri. Mjumbe kijana anayekaa kamati moja na mwajiri wake, au mkwe anayekaa na wazee wa ukweni, hatainua mkono kusema "nina pingamizi." Mpe karatasi na sanduku, atasema ukweli. Pale ambapo kusema wazi kuna gharama, maafikiano hugeuka kuwa matakwa ya mwenye sauti kubwa, na kura ya siri ndiyo inayomlinda mnyonge. Kwa sababu hiyohiyo uchaguzi wa watu, yaani nani awe mwenyekiti au mweka hazina, mimi ningeuacha kwenye kura ya siri karibu siku zote. Kujadili kasoro za mtu mbele yake hadi wote waafikiane ni mateso kwake na kwa wanaomjadili.

## Maafikiano hayana maana ya kauli moja

Wengi wanaoikataa njia ya maafikiano hudhani inadai kila mtu apende uamuzi. Haidai hivyo. Shirika la Biashara Duniani, ambalo huamua mambo yake kwa maafikiano, limeandika maana yake kwenye mkataba wa mwaka 1994: uamuzi unahesabiwa umefikiwa kama hakuna mwanachama aliyehudhuria kikao anayeupinga rasmi. Halisemi wote wanaunga mkono. Linasema hakuna anayepinga.

Wahandisi wanaotunga kanuni za kiufundi za intaneti, kupitia jumuiya yao ya IETF, wanakwenda mbali zaidi. Wao hawapigi kura. Mwenyekiti akitaka kupima hali ya ukumbi, huwaomba watu wagune: wanaokubali wagune kwanza, wasiokubali wafuate. Mguno hauhesabiki, na ndiyo nia yake. Unaonyesha tu kama upinzani upo na uko wapi. Baada ya hapo kazi huanza kwa wanaopinga: wana sababu gani? Mwongozo wao wa mwaka 2014, RFC 7282, unaeleza kwamba pingamizi lazima lishughulikiwe, lakini si lazima likubaliwe. Kikundi kikilisikiliza, kikalipima kwa dhati na kuona halina uzito, kinaweza kuendelea hata kama mwenye pingamizi bado hajaridhika. Na kinyume chake: mtu mmoja mwenye hoja nzito ya kiufundi anaweza kuwasimamisha mia moja.

Naona hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kwenye kura swali ni wangapi. Kwenye maafikiano swali ni kwa nini.

Gharama zake nazo ni za kweli. Ya kwanza ni kura ya turufu. Bunge la Polandi la zamani, Sejm, lilimruhusu mbunge mmoja kuvunja kikao kizima kwa kusema hakubali. Mwaka 1652 kikao kilivunjika kwa mtu mmoja, na baada ya hapo desturi ikaota mizizi hadi wenye fedha na mataifa ya nje wakawa wananunua tu mbunge mmoja. Ilifutwa kwa katiba ya Mei 1791. Kundi lolote linalosema "mpaka wote wakubali" bila kuweka kikomo linajenga Sejm ndogo.

Gharama ya pili ni kimya. Kikao kimefika saa ya tatu, watu wana watoto nyumbani, mwenyekiti anauliza "Tumeafikiana?" na hakuna anayejibu. Kinachoandikwa hapo kama maafikiano ni uchovu. Hujulikana baadaye: kazi zilizogawiwa hazifanywi, wajumbe wawili hawahudhurii kikao kinachofuata, na mtu anaanza sentensi kwa "mimi tangu mwanzo sikuwa..." Ukiyaona hayo, usimtafute msaliti. Rudi kwenye muhtasari uone kama kuna mahali popote palipoandikwa kwamba kila mjumbe aliulizwa kwa jina.

## Ridhaa: swali moja linalobadilisha kikao

Kati ya kura na kauli moja kuna njia ya ridhaa. Mhandisi wa Kiholanzi Gerard Endenburg aliijenga na kuitumia kwenye kampuni yake katika miaka ya 1970. Pendekezo linapita kama hakuna mjumbe mwenye pingamizi lenye sababu, na sababu hiyo lazima ihusu lengo la kundi. "Ningependa kingine" si pingamizi. "Hili litatuzuia kufanya kazi iliyotuleta hapa, kwa sababu hii" ni pingamizi.

Kwa vitendo kikao huenda hivi. Mtoa hoja anasoma pendekezo lililoandikwa, si lililo kichwani. Unafuata mzunguko wa maswali ya kuelewa tu, bila maoni. Kisha mzunguko wa maoni, kila mtu zamu yake bila kukatizwa, na mtoa hoja anaruhusiwa kurekebisha pendekezo lake. Mwisho ni mzunguko wa pingamizi: mwenyekiti anamwita kila mjumbe kwa jina, naye anajibu "sina" au "ninalo." Mizunguko hii huchosha mwanzoni, na wajumbe waliozoea kurukiana maneno huilalamikia. Ila mtu mpole huongea muda uleule na mtu mkali, jambo ambalo mjadala wa wazi hauwezi kulihakikisha hata mwenyekiti akiwa hodari.

Ridhaa hufanya kazi vizuri zaidi ikiwekewa tarehe ya marejeo. Mjumbe mwenye wasiwasi huweza kusema "sina pingamizi kwa miezi sita," na wasiwasi wake ukaandikwa kama jambo la kuangaliwa siku hiyo. Anachoombwa sasa ni kujaribu, hajafungwa milele. Uamuzi usioweza kurudishwa, kama kuuza jengo, haupati nafuu hiyo, na hapo mimi ningepandisha kiwango badala ya kukishusha.

Udhaifu wake ni kwamba ridhaa hupima pendekezo moja kwa wakati. Kamati yetu ina matatu. Tukianza na maegesho, watapinga watano. Tukianza na bustani, watapinga wengine. Na kikao kinaweza kuisha kabla hatujafika kwenye uwanja.

## Kupima upinzani badala ya upendeleo

Kwa hali kama hiyo njia ninayoipendekeza ni ya Waaustria wawili, Erich Visotschnig na Siegfried Schrotta. Kila mjumbe hutoa alama kwa kila pendekezo, kuanzia 0 hadi 10, lakini anachopima ni upinzani. Sifuri ni "sina neno nalo." Kumi ni "siwezi kabisa." Zinajumlishwa, na pendekezo lenye jumla ndogo ndilo lililo karibu zaidi na maafikiano. Kuna sharti moja la lazima: hali ya sasa nayo iwekwe kwenye orodha kama pendekezo.

Alama za kamati yetu zinaweza kuwa hivi, tukichukulia kwamba waliopiga kura pamoja wanahisi sawa:

| Pendekezo | Kila mmoja wa 4 (maegesho) | Kila mmoja wa 3 (bustani) | Kila mmoja wa 2 (uwanja) | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Maegesho | 0 | 9 | 9 | 45 |
| Bustani | 6 | 0 | 5 | 34 |
| Uwanja | 3 | 3 | 0 | 21 |
| Ibaki ilivyo | 5 | 6 | 8 | 54 |

Jumla kubwa inayowezekana ni 90. Uwanja, uliopata kura mbili tu za mikono, una 21. Maegesho, yaliyoshinda kwa mikono, yana 45. Lakini angalia mstari wa mwisho, maana una habari ambayo kura isingetoa kamwe. Wa bustani wameipa hali ya sasa 6 na maegesho 9. Wa uwanja wameipa hali ya sasa 8 na maegesho 9. Wajumbe watano kati ya tisa wangeona heri eneo libaki kama lilivyo kuliko liwe maegesho. Kamati ilikuwa imeamua jambo ambalo zaidi ya nusu yake waliliona baya kuliko kutofanya chochote.

Hesabu hii si uamuzi bado. Inakuonyesha pa kuelekeza mazungumzo. Mwenyekiti sasa ana swali zuri kwa wale saba walioupa uwanja 3: hiyo tatu ni ya nini? Tuseme wa maegesho wanasema gari la kuleta mizigo au la kumshusha mgonjwa lisipate pa kusimama. Wa bustani wanasema eneo litakuwa jua tupu. Hayo ni mambo mawili yanayoshikika. Pendekezo linaandikwa upya: uwanja, na ukanda wa kusimamisha gari moja kwa muda mfupi kando ya mlango, na miti kwenye pande mbili. Alama zinatolewa tena. Wa maegesho wanatoa 1, wa bustani 1, na wa uwanja wenyewe wanatoka 0 kwenda 1 kwa sababu nafasi ya watoto imepungua. Jumla ni 9. Hakuna aliyepata chote alichokitaka mwanzoni, na hakuna mwenye sababu ya kuuhujumu uamuzi.

Njia hii huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutia chumvi. Kila mjumbe akiipa hoja yake 0 na nyingine zote 10, hesabu inakuwa maegesho 50, bustani 60, uwanja 70, na tumerudi palepale kwenye kura ya mikono. Utagundua kwa kutazama karatasi: zimejaa sifuri na kumi, katikati hakuna kitu. Ukiona hivyo usijumlishe. Waombe wenye kumi waeleze ni nini hasa kitakachotokea pendekezo hilo likipita, kisha toa karatasi mpya. Ninavyoona, kulazimika kueleza kumi mbele ya wenzako hushusha namba zisizo na msingi kuliko onyo lolote la mwenyekiti.

Namna ya pili ni jumla kumfunika mtu mmoja. Wanane wakitoa 1 na mmoja akatoa 10, jumla ni 18, ndogo kabisa. Lakini huenda huyo mmoja hutembea kwa kiti cha magurudumu na njia yake pekee inapita hapo. Kwa hiyo weka kanuni kabla ya kuanza: alama yoyote ya 8 na kuendelea isikilizwe kwanza, hata jumla iwe ndogo kiasi gani.

## Kuziunganisha: kura kama mlango wa nyuma

Sioni sababu ya kamati kuapa kwa njia moja. Mfano bora ninaoujua wa kuziunganisha ni Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliofanya kazi kuanzia 1973 hadi 1982. Nchi zilikubaliana mwanzoni kwamba jambo la msingi halitapigiwa kura hadi juhudi zote za kufikia maafikiano ziishe, na kanuni ziliruhusu kura iahirishwe kwa siku kadhaa ili mashauriano yaendelee. Kwa miaka karibu tisa walijenga mkataba kipande kwa kipande kwa njia hiyo. Mwishoni, maafikiano kamili yaliposhindikana, walipiga kura tarehe 30 Aprili 1982: nchi 130 zilikubali, 4 zilikataa, 17 hazikuegemea upande wowote. Marekani ilikuwa miongoni mwa zile nne, na hadi leo haijauridhia mkataba huo, kwa hiyo kura haikufuta upinzani. Lakini haikuwaacha wengine wote wakisubiri nchi moja.

Kamati ndogo inaweza kuiga hilo kwa ibara moja ya katiba yake: tutatafuta maafikiano kwa vikao viwili, tukikwama, kikao cha tatu kitapiga kura ya siri na pendekezo litahitaji theluthi mbili. Idadi ya vikao ni yenu kupanga. Kisichobadilika ni kwamba mlango huo uandikwe kabla mgogoro haujaanza. Ukitungwa katikati ya ugomvi, kila mtu atajua umetungwa dhidi ya nani. Na theluthi mbili ni bora kuliko nusu, kwa sababu wenye watano kati ya tisa, wakijua kwamba wakisubiri vikao viwili watashinda kwa kura, hawana haja ya kumsikiliza mtu. Wakihitaji sita, watamtafuta angalau mmoja wa upande wa pili na kumuuliza anataka nini.

## Basi uchague ipi

Jiulize kwanza nani atatekeleza uamuzi. Kama wanaoshindwa ndio watakaotakiwa kujitolea jasho, zamu au michango, kura itawapa washindi ushindi wa karatasi tu, kwa hiyo tafuta ridhaa. Kama uamuzi ukishatolewa hauhitaji mkono wao, kwa mfano tarehe ya mkutano au rangi ya barua rasmi, pigeni kura mwende nyumbani. Kutafuta maafikiano juu ya mambo madogo humaliza uvumilivu utakaohitajika kwa makubwa.

Jiulize pia kama watu wako huru kusema. Kamati yenye mabosi na walio chini yao, au yenye deni la hisani kati ya wajumbe, ianze kwa alama za siri hata kama itamalizia kwa mazungumzo. Chaguo zikiwa tatu au zaidi, pimeni upinzani. Likiwa pendekezo moja lililoandikwa vizuri, ridhaa inatosha. Ikiwa ni kumchagua mtu, tumia sanduku.

Na vyovyote mtakavyochagua, chukueni desturi moja ya Marafiki, Wakristo wanaojulikana pia kama Makweka, ambao hawapigi kura kabisa kwenye vikao vyao vya uendeshaji. Karani wao huandika uamuzi palepale, anausoma kwa sauti, na kikao kinausahihisha hadi maneno yakae sawa, kabla ya kwenda kwenye ajenda inayofuata. Hufanyika kwa dakika chache. Mjumbe aliyekaa kimya wakati wa mjadala mara nyingi hushtuka anaposikia sentensi yenyewe, na pingamizi lililokuwa litoke nje ya mlango baada ya kikao linatolewa ndani, wakati bado kuna mtu mwenye kalamu.